Vichwa vya Chambo Vilivyoufifisha Ukurasa Wangu

Juma lililopita msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja aliniandikia kwamba ukurasa wake wa Facebook haufikii watu tena, na kwamba anakusudia kufungua mwingine. Nilimsihi asifanye hivyo, kwa maana kosa hilo nililifanya mimi, na hadi leo linaniuma.

Nilikuwa nikiendesha ukurasa wa habari za mitaa ya mashariki mwa Nairobi, na habari moja iliweza kuwafikia watu 40,000. Ghafla ikawa 900. Vichwa vyangu vilikuwa vya namna hii: "Wenye matatu wa Kayole wametangaza jambo ambalo hutaliamini!" Niliuita huo ustadi, kumbe ni chambo cha kuwavuta watu wabofye. Lakini tangu mwaka 2016 mfumo wa Facebook hushusha habari ambazo vichwa vyake vinaficha jambo lenyewe, na mwaka 2017 ulianza kupima kuficha na kutia chumvi kila kimoja peke yake. Kichwa changu kilikuwa na makosa yote mawili.

Nilipofungua ukurasa mpya, viungo vyake viliendelea kuelekea kwenye tovuti ileile, na baada ya wiki mbili nao ukafifia. Mfumo huo hautazami ukurasa tu, hutazama pia tovuti ambako viungo vinaelekea.

Badala ya kufungua ukurasa mpya, fungua kwanza sehemu ya Page Status, inayoonyesha hali ya ukurasa wako. Ukikuta kosa la kuvunja kanuni za jamii, soma kizuizi cha kuchapisha kinakwisha lini, na ukate rufaa ikiwa umeonewa. Mimi sikukuta kosa lolote pale. Ndipo nikalinganisha machapisho ya picha na yale ya viungo, kila aina na hali yake ya miezi iliyotangulia: picha hazikuwa zimeshuka, viungo vilikuwa vimeanguka. Hapo nikajua ugonjwa uko wapi.

Kushushwa kwa ajili ya chambo si kifungo cha siku kadhaa. Facebook yenyewe ilieleza mwaka 2016 kwamba ukurasa ukiacha vichwa hivyo, machapisho yake huacha kuathiriwa. Basi dawa imo katika kichwa utakachoandika leo, na kesho, na keshokutwa. Nilipunguza machapisho kutoka 15 hadi matatu kwa siku, nikaacha kuwaomba watu waandike "Amina" au wawatagi rafiki zao, jambo ambalo nalo hushushwa tangu Desemba 2017, na kila kichwa nikakilazimisha kitaje nani, nini na wapi. Habari ile ya matatu ingekuwa hivi: "Nauli ya Kayole hadi mjini yapanda kwa shilingi 20 saa za jioni." Wanaobofya walipungua mwanzoni, nami nikavumilia. Ilinichukua wiki 11 kurudi kwenye watu 25,000, na najivunia kila mmoja wao.

Ndugu yule wa Umoja amenitumia vichwa vyake vitano vya mwisho. Vitatu vinaficha jambo, na jioni hii tunaviandika upya.