Maswali yenu: namba tasa na kufuli za RSA

Namba tasa ni ipi hasa, na mbona 1 haimo?

Ni namba yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe. 7 ni tasa, 9 siyo kwa sababu 3 inaingia. Sasa 1 ina kigawo kimoja tu, na tukiiruhusu tunaharibu kitu kizuri sana, maana 12 inavunjika kwa njia moja tu, 2×2×3, ukiweka na 1 unaweza kuandika 1×1×2×2×3 mpaka uchoke.

Kuzidisha namba mbili kunafichaje meseji?

Kwenye RSA, njia ya kufunga meseji kwa siri ya mwaka 1977, unachagua namba tasa mbili, tuseme 101 na 113, unazizidisha unapata 11413. Hiyo unamgawia kila mtu, na yeyote anaweza kukufungia meseji nayo, lakini kuifungua lazima ujue zile mbili za mwanzo. Kuzidisha ni dakika moja kwa kalamu, ila kurudi nyuma inabidi ujaribu 2, 3, 5, 7 na kuendelea, unagonga ya 26 ndiyo unaipata 101.

Si kompyuta ijaribu tu zote?

Kwa 11413 itamaliza kabla hujapepesa macho. Ila siku hizi ile namba ya wazi kwa kawaida ina tarakimu 617 hivi. Mwaka 2020 watafiti walivunja ya tarakimu 250, tena kwa njia za akili sana kuliko kujaribu moja moja, na bado kazi yake ingeichukua kori moja ya prosesa kama miaka 2,700.

Na watu wawili wakiangukia namba tasa moja?

Hapo ndo balaa lenyewe, swali zuri sana hili! Mimi nina 11413, wewe una 12827, na hakuna anayejua kwamba tumeshea namba tasa. Mtu anachukua zote mbili, zipo wazi, halafu anatafuta KKS, ile ile ya shule ya msingi:

```
12827 - 11413 = 1414
11413 - 8×1414 = 101
1414 = 14×101
```

KKS ni 101, basi, anagawanya tu anapata 113 yangu na 127 yako. Hajajaribu namba tasa hata moja, na hii njia inabaki ya haraka hata tarakimu zikiwa 617.

Na imetokea kweli. Mwaka 2012 watafiti walikusanya mtandaoni mamilioni ya funguo za wazi, yaani zile namba za kugawia kila mtu, wakakuta maelfu zimeshea namba tasa, nyingi ni za ruta na vifaa vidogo kama hivyo, ambavyo vilitengeneza ufunguo mara tu vilipowashwa, kabla havijapata kitu chochote cha kubahatisha nacho, kwa hiyo viwili vya aina moja vinaanzia palepale na kuchagua namba ileile. Namba tasa zenyewe haziishi, za ukubwa huo ni nyingi mno, kilichokosekana ni bahati nasibu ya kweli wakati wa kuchagua.