Kwa nini lafudhi fulani husikika za akili

"Kwa nini lafudhi nyingine zinasikika kama za watu wenye akili zaidi? Ni sauti yenyewe ndiyo iliyo bora?"

Si sauti. Msikilizaji huhukumu kundi la watu linalomjia akilini anaposikia lafudhi ile. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Howard Giles na wenzake waliwasikilizisha wanafunzi wa Uingereza wasiojua Kigiriki lafudhi ya Athene na ya Krete. Ugiriki kwenyewe ya Athene ndiyo yenye hadhi, lakini wageni wale hawakuona iliyo bora. Ubora ungekuwa ndani ya sauti, wangeuhisi hata bila kuelewa neno.

Ukitaka kulipima hili, mtu mmoja asome matini ileile kwa lafudhi zote mbili unazolinganisha, na wasikilizaji wasijue kwamba ni yeye. Ukitumia watu wawili, utakuwa umepima kasi au unene wa sauti, kosa linaloharibu majaribio mengi ya mtandaoni.

Ila uliza akili na wema kando kando, maana lafudhi za mikoani mara nyingi hushuka kwenye akili na kupanda kwenye ukarimu. Tena lafudhi ngumu kuifuata hushusha alama hata kwa msikilizaji asiye na chuki, na kutenganisha chuki na ugumu huo wa kuelewa bado ni kazi.