Sentensi tatu kwa mteja asiyekujua

Ninafanya kazi ya uhasibu wa kujitegemea hapa Nakuru, na wateja wangu wengi wa mwanzo niliwapata kwa barua pepe niliyomwandikia mtu ambaye hatukuwa tumewahi hata kusalimiana. Mlioanza juzi huniuliza kwa nini zenu hazijibiwi. Nikizisoma, nakuta aya nne juu ya shahada yenu na wasifu wa kampuni wa kurasa kumi na mbili umeambatishwa chini. Anayeandikiwa ana sufuria jikoni. Atasoma sentensi tatu, akipenda.

Nitawaeleza moja niliyomwandikia mama anayepikia semina na mikutano ya maofisi, maana nilianza kwa kuiharibu.

Kabla ya kuandika niliagiza kwake chakula cha mchana cha watu wanane. Pilau ilikuwa nzuri, lakini ankara ilikuwa ya kitabu cha kaboni, imeandikwa kwa kalamu. Hapo ndipo palipokuwa na kazi yangu. Tangu 1 Januari 2024, kwa kawaida kampuni ya Kenya haiwezi kuitoa gharama kwenye hesabu zake za kodi ya mapato bila ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Kwa hiyo karatasi ya mama huyu inamuumiza mnunuzi kuliko inavyomuumiza yeye, na mnunuzi aliyeumia mara moja hutafuta mpishi mwingine bila kusema neno.

Rasimu yangu ya kwanza ilianza hivi: “Nimegundua kuwa biashara yako haifuati masharti ya KRA.” Alinipigia simu baada ya nusu saa, sauti kavu: “Wewe ni wa KRA?” Nilieleza weee, lakini alikuwa ameshaogopa. Nilikuwa nimesema kweli na bado nikasikika kama mtu anayetishia apewe kitu kidogo.

Nilimwomba radhi, nikakaa wiki mbili, kisha nikaandika upya:

“Mama, pilau ya watu wanane mliyotuletea Jumanne ilifika saa saba kamili kama mlivyoahidi, ila ankara yake ilikuwa ya mkono. Mteja wa kampuni hawezi kuitumia ankara hiyo kwenye hesabu zake za kodi, kwa hiyo mimi huwafungulia wapishi eTIMS Lite na kuwafundisha kutoa ankara kwa simu, kazi ya alasiri moja. Je, nipite Alhamisi saa nane, dakika kumi na tano tu, uone ankara moja ikitoka?”

Kichwa cha barua kilikuwa “Ankara ya pilau ya Jumanne”. Hakuna kiambatisho.

Sentensi ya kwanza ni kitu kilichotokea kwake peke yake. Ndiyo maana huwezi kutuma barua moja kwa maduka sitini. Niliwahi kujaribu kwa wenye hadiwea, na sentensi iliyowafaa wote sitini haikumgusa hata mmoja. Na uliyoyaona uyaone kihalali. Ningeweza kuzijua ankara zake kupitia vitabu vya mteja wangu mwingine, lakini hizo ni siri za mteja huyo.

Sentensi ya pili ndiyo inayowashinda wengi. Thamani haiko kwenye neno “uhasibu” wala “eTIMS”. Iko kwenye mteja wa kampuni anayempotea. Anza na hasara anayoielewa, ndipo useme unachofanya na kinachukua muda gani. Ukijikuta unaweka nukta-mkato, jua umeficha sentensi ya nne.

Ya tatu iombe kitu kidogo chenye siku na saa. Bei sikuitaja, kwa sababu sikujua kama ameandikishwa kwa VAT. eTIMS Lite ni ya wasioandikishwa. Aliyeandikishwa anahitaji mpangilio mwingine na kazi yake ni kubwa zaidi.

Majibu yenyewe yatakuonyesha penye kasoro. Ukiulizwa “umenitoa wapi?”, sentensi ya kwanza haikumhusu. Ukiulizwa “kwani unauza nini?”, rudi kwenye ya pili. Akisema “sawa, nitafikiria” kisha kimya, uliomba kikubwa mno. Asipojibu kabisa, mkumbushe mara moja baada ya wiki, juu ya barua ileile, kwa mstari mmoja, kisha umwache.

Mama alijibu jioni ileile: “Alhamisi niko Gilgil na harusi. Njoo Ijumaa, na ile simu yangu ni ya kubonyeza.” Nikamwambia haidhuru, kuna *222# ya eTIMS.