Mabango ya mjini: usihesabu lugha tu, angalia kila lugha imepewa kazi gani

Kila mwaka wanakuja wanafunzi wapya wanaotaka kufanya utafiti wa lugha za mabango mjini, na karibu wote wanaanza vilevile. Wanatoka na simu, wanapiga picha mia na kitu, wanarudi na jedwali linalosema lugha fulani ina asilimia sitini, nyingine thelathini, nyingine kumi, halafu wanaandika kwamba basi hivyo ndivyo mji huu unavyoongea. Hapana jamani, bango halisemi watu wanaongea nini. Bango linasema mtu fulani, mwenye pesa au mamlaka au shida fulani, aliamua kumwambia msomaji fulani kitu fulani kwa lugha fulani, na hivyo vitu vinne ndo data yako.

Tuanze na jinsi ya kukusanya maana hapo ndo kazi nyingi zinaharibikia. Usipige picha mabango yanayokuvutia. Chagua kipande cha barabara chenye mwanzo na mwisho, kisha piga kila maandishi yaliyomo, hata stika ya fundi bomba iliyobanduka nusu. Kuna utafiti mmoja maarufu uliofanyika Tokyo, kwenye maeneo ya stesheni 28 za reli ya Yamanote, ambapo kila kipande cha mtaa kilikatwa kwa taa za kuongozea magari, yaani kutoka taa hii mpaka taa inayofuata, na maandishi yote ya katikati yakaingia. Yalipatikana mabango 11,834 na kati ya hayo 2,444 tu ndo yalikuwa na lugha zaidi ya moja. Sasa fikiria mtu angepiga yale ya lugha mbili peke yake kwa sababu ndo yanapendeza, angetuambia mji mzima umejaa lugha mbilimbili wakati kumbe ni kama moja ya tano.

Utafiti huohuo ndo umetupa kanuni ambayo wengi tunaitumia mpaka leo, kwamba bango moja ni maandishi yoyote yaliyo ndani ya fremu moja inayoonekana. Kikaratasi kilichobandikwa kwenye kioo ni kimoja, ubao mkubwa juu ya paa nao ni mmoja. Inasumbua kidogo, kwa sababu kikaratasi na ubao vinahesabika sawa, lakini angalau mtu mwingine akirudi mtaa uleule atapata namba inayokaribiana na yako. Sheria yako iandike kabla hujatoka, na iseme pia utafanyaje na tangazo moja lililobandikwa mara kumi na tano ukutani, maana kampuni moja ya simu ikibandika hivyo na wewe ukahesabu yote, umepima bajeti yao ya matangazo na sio lugha za mji.

Haya, picha unazo. Kabla hujaanza kuhesabu lugha, gawa kwanza kwa aliyeweka, serikali na taasisi zake upande mmoja, watu binafsi na wafanyabiashara upande mwingine. Ukichanganya, namba zinakudanganya, kwa sababu bango la serikali mara nyingi limeamriwa na sheria. Na hata ya biashara sheria huyagusa wakati mwingine. Kule Quebec, jimbo la Kanada, sheria ya 1977 ilitaka mabango ya biashara yawe kwa Kifaransa peke yake, na kuanzia 1993 lugha nyingine zikaruhusiwa ila Kifaransa lazima kionekane zaidi kwa mbali. Kwa hiyo ukikuta Kifaransa kikubwa na Kiingereza kidogo chini yake kwenye duka la Montreal, usikimbilie kusema mwenye duka anapenda Kifaransa, anafuata sheria. Kila mji una kanuni zake, nyingine za nchi, nyingine za halmashauri, zitafute mapema uzisome.

Sasa nije kwenye kitu ambacho natamani kila mgeni angekijua siku ya kwanza. Mwaka 2004 ulitoka utafiti wa mji wa Lira, kaskazini mwa Uganda, ambao ulipanga mabango ya lugha nyingi kwa kuangalia ujumbe umegawanywaje kati ya lugha. Kuna bango ambalo kila kitu kimesemwa kwa lugha zote, hiyo ni nakala kamili. Kuna ambalo ujumbe mzima upo kwa lugha moja na lugha ya pili imepewa vipande tu, labda kichwa cha habari. Kuna ambayo lugha mbili zinapishana, sehemu moja inajirudia kwa zote ila kila lugha ina jambo lake la ziada. Na kuna ya kukamilishana, kila lugha inasema kitu tofauti kabisa na asiyejua zote mbili hapati ujumbe wote. Nakala kamili inamfikiria msomaji anayejua lugha moja tu kati ya hizo, ila ya kukamilishana inamfikiria msomaji anayezijua zote. Mabango yote mawili kwenye jedwali lako yangeandikwa "lugha mbili" na yangeonekana ni kitu kimoja, wakati yanazungumza na watu tofauti kabisa.

Tuchukue mlango mmoja tuufanyie kazi mpaka mwisho, mlango wa kutunga ila wa aina utakayoikuta sana. Ni duka la dawa kwenye mji wenye lugha ya serikali, lugha ya wenyeji, na lugha ya wahamiaji waliokuja miaka ya karibuni. Juu kuna ubao mkubwa wenye jina la duka kwa lugha ya serikali pamoja na neno moja la lugha ya kigeni yenye hadhi. Ndani ya kioo kuna leseni, lugha ya serikali tupu, maandishi madogo. Pembeni kuna tangazo la chanjo kutoka wizara ya afya, lugha ya serikali na ya wenyeji, ujumbe uleule neno kwa neno. Chini yake karatasi iliyochapwa na kubandikwa kwa selotepu inasema usiingie na mzigo na hakuna kukopa, kwa lugha ya wenyeji peke yake. Na karibu na kitasa kuna karatasi ya mkono, kalamu ya bluu, kwa lugha ya wahamiaji, inasema jioni kuna mtu anayeongea lugha yenu, njooni muulize.

Ukihesabu, lugha ya serikali ipo kwenye mabango matatu kati ya matano, ya wenyeji mawili, ya wahamiaji moja, na ya kigeni moja, jumla inazidi tano kwa sababu mawili yana lugha mbilimbili. Ukiishia hapo utaandika kwamba lugha ya serikali inatawala. Lakini soma kazi ya kila moja. Leseni inaongea na mkaguzi, mteja hata haioni. Neno la kigeni halimpi mteja taarifa yoyote, lipo kulipatia duka sura ya kisasa, na anayelisoma ni mtu wa hapahapa. Tangazo la chanjo ni la wizara, mwenye duka amekubali tu libandikwe. Maneno ambayo mwenye duka mwenyewe ameyaandika ili mteja afanye kitu ni karatasi mbili za mwisho, na hakuna hata moja iliyo kwa lugha ya serikali! Hapo ndo unaanza kuhisi pale kaunta wanaongea nini.

Ila tulia, kuhisi tu. Hiyo karatasi ya makatazo inaweza kusomwa kwa namna mbili. Inawezekana wateja wengi ni wenyeji na hiyo ndo lugha ya kawaida ya dukani, au inawezekana mwenye duka anawadhania wenyeji ndo wanaokopa na kuingia na mizigo. Utajuaje? Angalia kama lugha hiyo inatumika pia kukaribisha, kushukuru, kutaja saa za kufungua, ofa na huduma. Kama ipo kwenye kila aina ya ujumbe basi ni lugha ya kazi. Kama unaikuta kwenye makatazo tu, mtaa baada ya mtaa, na haionekani kwenye karibuni wala kwenye bei, una jambo zito mkononi kuhusu jinsi watu hao wanavyotazamwa, na linastahili sura yake kwenye ripoti. Kwa hiyo kwenye jedwali weka safu ya kazi ya ujumbe: kukataza, kuelekeza, kuuza, kutambulisha, kukaribisha. Mimi hii safu naithamini kuliko hata ile ya lugha.

Angalia pia kilichotengenezea bango na mpangilio wake. Mji wa kale wa Yerusalemu una vibao vya majina ya vichochoro vilivyotengenezwa kwa vigae. Baadhi, ukisogea karibu, utaona Kiarabu na Kiingereza vimo ndani ya fremu moja, halafu juu yake kuna safu ya vigae vya Kiebrania iliyoongezwa baadaye, na mstari wa kiungo unaonekana kabisa. Vile viwili vya chini vimebaki kutoka wakati Wajordani wanatawala pale, cha juu kilikuja baada ya Israeli kuuteka mji huo mwaka 1967. Jedwali lingesema "lugha tatu" basi. Kwa hiyo piga picha mbili kila mara, moja ya mbali kuonyesha bango liko wapi na lipi jingine liko jirani yake, nyingine ya karibu kuonyesha kingo, rangi iliyopauka, na maandishi ya zamani yanayochungulia chini ya mapya.

Halafu kuna lugha ambazo hutaziona kabisa. Lugha nyingi zinaongewa sokoni kutwa nzima na hakuna anayeziandika, ama kwa sababu shule hazikuzifundisha kuandikwa, ama kwa sababu waongeaji wake hawana duka, ama kwa sababu kuandika "sisi tupo hapa" kungewaletea matatizo. Dawa yake ni kusikiliza. Kaa kwenye kipande kilekile, saa ambazo kuna watu, andika lugha unazozisikia, kisha zilinganishe na zilizoandikwa. Usipoitambua lugha muulize muuzaji, na ukiwa hapo muulize pia nani aliandika ile karatasi, lini, na kwa nini kwa lugha ile. Mara nyingine majibu yatakupindua kabisa, utaambiwa aliyeandika ni mtoto wa jirani na hiyo ndo lugha pekee aliyofundishwa kuiandika.

Mwisho, tarehe na namba za simu. Andika tarehe kwenye kila picha, kwa sababu karatasi za mkono zinaondoka ndani ya wiki chache wakati ubao wa chuma unakaa miaka, na ukirudi baadaye utataka kujua kipi kimetoka. Namba za simu na majina ya watu yaliyo kwenye vikaratasi yafute kabla picha haijaingia kwenye ripoti, hasa vile vya wahamiaji, maana aliyeandika alimlenga mpita njia na hakujua kama kitasomwa kwingine.