Jiwe la paani na kipeuo cha namba hasi

"Jiwe limerushwa toka paa la mita 15, kasi 20 m/s, nyuzi 30 juu ya mlalo. Natafuta muda wa kufika chini, napata kipeuo cha namba hasi. Nimekosea wapi?"

Ni alama tu. Ukiita juu chanya, ardhi iko -15, si +15. Kasi ya wima ni 20 sin 30°, yaani 10. Ya mlalo ni 20 cos 30°, kama 17.3. Shughulikia wima peke yake, kwa g = 10:

-15 = 10t - 5t²

Unapata t = 3 au -1. Chukua 3, maana -1 ni kabla jiwe halijatoka mkononi. Kwa mlalo kasi haibadiliki: 17.3 × 3, karibu mita 52.

Kipeuo chako kilikwambia kweli. Kwa +15 uliuliza jiwe litafika lini mita 15 juu ya paa, nalo halifiki. Linapanda mita 5 tu.

Kuna mdau aliyependekeza kutumia kanuni ya masafa, ila ile inaishia jiwe linaporudi usawa wa paa: sekunde 2, mita 34.6. Si jibu, ila itunze, kwa sababu jibu lako lazima liizidi. Kagua pia kasi ya kutua: wima -20, mlalo 17.3, jumla ya miraba 700. Kwa nishati, 20² + 2 × 10 × 15, ni 700 ileile.

Na wewe uliyeuliza kama hesabu hii inafaa kwa mpira wa adhabu unaopinda, hapo hewa imeingia, hesabu hii haitoshi. Lifungulie swali lake.