Kioo kwanza, chila baadaye

Ukuta wa magharibi wa ofisi yetu Dar es Salaam ni kioo cheupe cha tabaka moja, mita za mraba 400. Fundi anasema tukiweka tabaka mbili, chila, yaani mtambo wa kupoza maji ya viyoyozi, itapungua sana. Kweli?

Muulize tabaka mbili za kioo gani. Kioo cha tabaka mbili huzuia joto linalosukumwa na tofauti kati ya nje na ndani, na Dar tofauti hiyo ni kama digrii 8 tu: 32 nje, 24 ndani. Adui yako ni jua. Tukadirie wati 600 kwa mita ya mraba saa kumi jioni. Kioo cheupe cha tabaka moja chenye SHGC, yaani sehemu ya joto la jua inayopenya kioo, ya 0.82 huingiza wati 492 za jua na 46 tu za tofauti ya joto. Ukuta mzima ni kilowati 215, karibu tani 61 za chila, tani moja ikiwa uwezo wa kuondoa kama kilowati 3.5 za joto. Tabaka mbili nyeupe, SHGC 0.70, zinakushusha hadi tani 50. Tabaka mbili zenye mpako wa kukinga jua, SHGC 0.28, ni tani 21. Sakafu na kuta hufyonza sehemu ya joto hilo kwa muda, kwa hiyo hesabu kamili itatoa namba ndogo kidogo, ila mpangilio haubadiliki. Usisaini oda isiyotaja SHGC.

Mapazia ya ndani hayatoshi?

Hayatoshi. Jua likishavuka kioo, joto lake kubwa limeshakuwa mzigo wa chila. Swali hili nalijibu kila mara.

Msanifu amechora kibaraza cha mita 1 juu ya madirisha hayo. Kitasaidia?

Kwa magharibi, kidogo. Machi, saa kumi jioni, jua la Dar liko kama digrii 37 juu ya upeo, hivyo kivuli kinashuka kama sentimita 75 tu kwenye kioo cha mita 3. Saa kumi na moja ni kama sentimita 40 tu. Weka luva za nje zilizoinamishwa kulikabili jua la chini. Zikikata asilimia 70 ya jua, hata kioo chako cheupe cha sasa kinashuka hadi tani 22, karibu sawa na kile kioo ghali. Ukiweka vyote viwili unafika tani 7, lakini hizo 15 za mwisho piga hesabu zinakugharimu nini.

Nimejumlisha kilele cha kila upande, chila imekuwa kubwa mno. Nimekosea wapi?

Mashariki hufika kileleni kama saa tatu asubuhi, magharibi saa kumi jioni. Feni ya kila chumba pima kwa kilele cha chumba chake. Chila pima kwa saa moja ambayo jengo zima lina mzigo mkubwa, pamoja na watu na hewa safi.

Chila tumeshanunua. Bado tubadilishe kioo?

Ndiyo, bili ya umeme itashuka. Ila kwanza mwulize muuzaji chila inashuka hadi asilimia ngapi ya uwezo wake bila kuzima. Mzigo ukiwa chini ya hapo, itawaka na kuzima siku nzima, maji yatapanda joto kila ikizima, na unyevu utabaki ofisini.