Kwa mnaoanza wodi ya njiti: macho ya mtoto yana tarehe yake

Wadogo zangu, juzi asubuhi nimekuta tena jambo lile lile. Mtoto wa gramu 1,200 yuko kwenye oksijeni ya puani, oksimita inasoma 100, na kwenye chati mwenzenu kaandika "anaendelea vizuri". Nawapenda, lakini hili lazima tulimalize.

1. Mtoto aliye kwenye oksijeni hatakiwi kusoma 100. Ikisoma 93, unajua takriban oksijeni iliyomo kwenye damu yake. Ikifika 100, oksimita imefika mwisho wake: kiwango halisi kinaweza kupanda maradufu na namba isibadilike. Mishipa ya retina huanza kuota kutoka nyuma ya jicho mnamo wiki ya 16 ya ujauzito, na hukaribia ukingoni mimba inapotimia. Oksijeni ya tumboni ni ndogo, na uchache huo ndio unaoisukuma mishipa mbele. Njiti huzaliwa mishipa hiyo haijafika. Tukimzidishia oksijeni, mishipa inasimama. Wiki kadhaa baadaye retina iliyokosa mishipa inadai oksijeni, mishipa mipya inaota ovyo, inaacha makovu, na makovu yanaivuta retina mpaka inabanduka. Ugonjwa huo wa retina ya njiti ndio ROP.

Kwa hiyo akiwa kwenye oksijeni tunalenga 90 hadi 95, na alamu ya juu inawekwa 95. Akiwa anapumua hewa ya kawaida, 100 haina neno. Wala msimbane kwa kuogopa macho: utafiti wa SUPPORT wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya waliolengwa 85 hadi 89, waliopata ROP kali walikuwa wachache zaidi, lakini waliokufa walikuwa wengi zaidi.

Oksijeni huzidi zaidi baada ya apnia. Saturesheni imeshuka 70, unakimbia, unamsugua mgongo, unafungua flomita. Anarudi. Hapo hapo unaitwa kitanda kingine, na flomita inabaki ulipoiacha mpaka zamu inayofuata. Usiondoke kabla hujairudisha chini kidogo kidogo.

2. Tarehe ya macho inaandikwa siku anayolazwa. Wodi yetu inapima wote waliozaliwa kabla ya wiki 34 au chini ya gramu 2,000. Kipimo cha kwanza ni wiki 4 baada ya kuzaliwa. Wa chini ya wiki 28 au gramu 1,200 tunawawahi, wiki ya 2 hadi ya 3.

Kuna mtoto sitamsahau, na sikusimuliwa, nilimwona. Alizaliwa tarehe 3 Machi, wiki 30, gramu 1,300. Siku za mwanzo alipewa oksijeni tupu kutoka kwenye mtungi, bila blenda, na chati yake ilijaa 99 na 100. Alipona kifua, akanenepa kwenye kangaruu, na tarehe 27 Machi akaruhusiwa akiwa na gramu 1,600. Wote tulifurahi. Macho yake yalitakiwa kupimwa tarehe 31, siku 4 tu mbele, lakini kwenye kadi iliandikwa "arudi kliniki baada ya wiki 2". Akarudi tarehe 10 Aprili, akapimwa uzito, akasifiwa. Macho hakuna aliyeyauliza. Mwezi wa saba mama akaja akisema, "Sista, mwanangu haniangalii." Mboni zote mbili zilikuwa na weupe ndani. Retina zilikuwa zimebanduka kabisa, hatua ya 5, ambapo hata upasuaji huwa haurudishi uoni wa maana. Kwa nje macho ya ROP huonekana mazima. Weupe huja tumeshachelewa.

Siku ya kipimo: matone ya kupanua mboni yawahi, mtoto asinyonyeshwe muda mfupi kabla, na muangalie apnia baadaye.

3. Kipimo kimoja kizuri hakimalizi kazi. Anarudiwa kila wiki 1 hadi 3 kadiri daktari wa macho anavyoona, mpaka mishipa ifike ukingoni. Akikuta mishipa ya nyuma imevimba na kujipindapinda, yaani "plasi", pamoja na hatua ya 2 au 3 kwenye kanda ya 2, anatakiwa atibiwe ndani ya siku 2 au 3. Msimpangie kliniki ijayo. Tafuteni gari la rufaa siku hiyo hiyo.

Leza huchoma sehemu isiyo na mishipa ili iache kudai. Sehemu hiyo haitaona tena, ila katikati panaokolewa. Sindano ya bevasizumabu ndani ya jicho ni ya haraka, na husaidia sana ugonjwa ukiwa kanda ya 1, karibu na katikati. Shida yake ni kwamba ROP inaweza kurudi wiki nyingi baadaye, mtoto akiwa nyumbani ananenepa. Mama wa mtoto aliyechomwa sindano mwandikieni tarehe ya kurudi, chukueni namba yake na ya jirani, na asipotokea mpigieni siku hiyo hiyo.